Maji Yale Yale, Ndoto Nyingine

Katika vitabu vya Kiislamu vya kufasiri ndoto kuna kisa mashuhuri cha Muhammad ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 wa Hijria. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwendea akamwambia ameota anaadhini. Ibn Sirin akamjibu kwamba atakwenda Hija. Hazikupita saa nyingi akaja mtu wa pili na ndoto hiyo hiyo, naye pia ameota anaadhini. Huyu akaambiwa mkono wake utakatwa kwa wizi. Waliokuwapo wakamuuliza inakuwaje ndoto moja ipate majibu mawili yaliyo mbali hivyo. Akaeleza kwamba kwa yule wa kwanza aliona dalili za wema, akakumbuka aya ya Suratul Haj inayomwamuru Ibrahimu awatangazie watu Hija. Kwa yule wa pili hakuridhika na hali yake, akakumbuka mnadi wa Suratu Yusuf aliyeuita msafara kuwa ni wa wezi.

Ibn Sirin alimsoma mwotaji kwanza, ndipo akaisoma ndoto. Sura hii inachukua kanuni hiyo na kuipeleka kwenye maji, kwa sababu hakuna kitu ndotoni kinachodanganya wasomaji wa haraka kama maji. Mtu anaamka, anafungua kitabu au anamuuliza jirani, anaambiwa kwamba maji safi ni kheri na maji machafu ni maradhi, na hapo anafunga mjadala. Kitu kimoja hajaulizwa: ulipokuwa ndani ya ndoto ile, moyo wako ulikuwaje?

Maji ya vitabuni

Vitabu vyenyewe haviko finyu kama watu wanavyovitumia. Kitabu kikubwa cha ndoto kinachouzwa kwa jina la Ibn Sirin kiliandikwa na watu wa baadaye, karne kadhaa baada ya kufa kwake, wakikusanya yaliyosimuliwa kutoka kwake na kwa wengine. Baada yao alikuja Abdulghani al-Nabulsi wa Damasko, aliyefariki mwaka 1731, akapanga maana za ndoto kwa mpangilio wa alfabeti ili msomaji apate neno lake upesi. Ni mpangilio wa manufaa, lakini ndio uliowazoesha watu kuitafuta ndoto kama wanavyotafuta neno kwenye kamusi.

Ukiufungua mlango wa maji katika vitabu hivi utakuta bahari ni mfalme au mtawala, kwa kuwa hutoa riziki na huangamiza vilevile. Maji matamu na safi ni uhai mwema na riziki ya halali. Maji ya matope ni dhiki au ugonjwa. Mafuriko yanayoingia mjini ni adui au balaa inayowapata watu wote kwa pamoja. Kuzama kuna sura mbili: anayekufa majini anahofiwa dini yake, kwa sababu Kurani imewataja watu wa Nuhu kuwa walizamishwa kisha wakaingizwa motoni; anayezama kisha akatoka salama, huyo ameepushwa na jambo au ametubu.

Wafasiri hawa walijua kwamba orodha peke yake haitoshi. Hata Artemidoro, Mgiriki wa karne ya 2 ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq katika karne ya 9, alisisitiza kwamba mfasiri lazima amjue mwotaji ni nani, anafanya kazi gani, ana mali kiasi gani, umri wake na afya yake. Mtu aliyekulia Ukerewe na mtu aliyekulia Dodoma wakiota ziwa lililojaa, hawajaota kitu kimoja. Wa kwanza anajua kwamba Ziwa Victoria linaweza kulala shwari jioni na kupiga dhoruba usiku wa manane. Wa pili amekua akihesabu siku za mvua. Kwake yeye maji mengi ni shibe.

Hofu inapotafuta picha

Karne ya 20 ililirudia suala hili kwa njia nyingine. Ernest Hartmann, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Boston hadi alipofariki mwaka 2013, alikuwa akikusanya ndoto za watu waliotoka kwenye misukosuko mikubwa: walioponea moto, walioshambuliwa, waliofiwa ghafla. Alitarajiwa akute ndoto za moto kwa walioungua na ndoto za visu kwa walioshambuliwa. Alizikuta baadhi. Lakini alikuta pia ndoto moja iliyojirudia kwa watu wasiojuana na waliopatwa na mambo tofauti kabisa: mtu yuko ufukweni, wimbi kubwa kama ghorofa linakuja, linamkumba na kumzoa.

Mtu aliyenusurika motoni anaota wimbi. Hakuna tone la maji katika yale yaliyompata. Hartmann alieleza kwamba kilichoingia ndotoni ni hisia, yaani hofu na kujiona huna uwezo wowote, na hisia hiyo ikajitafutia picha inayoibeba. Wimbi linaibeba vizuri, kwa kuwa ni kubwa, halisemezeki wala halizuiliki. Siku zinavyopita na mtu akianza kupata nafuu, picha nazo hubadilika, na mara nyingi huzuni au majuto ya kupona wakati wengine wamekufa huchukua nafasi ya hofu.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani alipata nafasi ya kulipima wazo lake. Alitafuta watu 44 waliokuwa na mazoea ya kuandika ndoto zao zote, akachukua kwa kila mmoja ndoto 10 za mwisho kabla ya siku ile na 10 za kwanza baada yake. Ndoto za baadaye zilikuwa na picha kuu zenye nguvu zaidi. Hata hivyo ndege na majengo marefu havikuongezeka ndani yake, ingawa watu hao walikuwa wameviona kwenye televisheni mara nyingi. Hisia iliingia na kuleta picha zake yenyewe.

Kwa msomaji wa ndoto za maji, somo hapa ni la vitendo. Hisia ndiyo inayokuambia ndoto inahusu nini. Maji yanakuambia jambo hilo ni kubwa kiasi gani kwako, linaenda kasi gani, na wewe umesimama wapi mbele yake.

Mafuriko: nyumba moja, watu watatu

Tuchukue ndoto moja na kuwapa watu watatu. Usiku, maji ya rangi ya chai yanaingia chini ya mlango wa mbele. Yanafika vifundoni, kisha magotini. Kochi linaelea. Ndala zinazunguka sebuleni. Mwotaji amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, anatazama.

Mtu wa kwanza anaamka moyo unamwenda mbio. Ndani ya ndoto alitaka kuwabeba watoto, lakini hakujua aanze na yupi. Ukimuuliza ni lini tena, akiwa macho, amewahi kuhisi hivyo hivyo, hatakutajia mvua. Atakutajia kwamba duka lake limekosa mtaji, kodi ya nyumba imefika, na ada za watoto wawili zinadaiwa wiki moja. Hofu yake ilikuwa ya kuzidiwa na kushindwa kuchagua. Ndoto yake imeshika kiini chake katika kile kitendo cha kusita: nimbebe nani kwanza?

Wa pili anaamka mwepesi. Alipoona kochi linaelea kuelekea mlangoni hakulikimbilia. Alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na aibu kidogo kwa kuona raha. Ukimuuliza, utasikia kwamba ndugu wa marehemu mumewe wamekuwa wakimvuta kwenye vikao vya mirathi ya nyumba ile, na kwamba amechoka nayo kuliko anavyothubutu kusema mbele ya watu. Kitabu kingemwambia mafuriko ni adui. Hisia yake inasema kwamba sehemu yake moja iko tayari kuiachia nyumba iende. Hilo ni jambo zito la kufikiria kabla ya kikao kijacho, na asingelipata kama angeishia kwenye neno adui.

Wa tatu hakuogopa maji hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba mlango ulikuwa wazi na majirani walikuwa nje wakiona godoro lake lililochakaa likitoka. Hisia yake ni aibu. Kwake yeye mafuriko yamefanya kazi moja tu, ya kutoa nje vilivyokuwa ndani. Muulize kuna siri gani ya nyumbani anayohofu itajulikana.

Hisia mara nyingi haibaki moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu huanza kwa mshangao, akaingiwa na hofu, akamaliza kwa utulivu wa ajabu maji yakiwa yamemfika kifuani. Hapo tafuta mahali palipogeuka. Ni nini kilitokea ndotoni sekunde ile? Kuna aliyemshika mkono? Aliacha kushikilia kitu fulani? Tukio dogo la kwenye mgeuko huo huwa na maana kuliko wingi wa maji yote.

Kabla ya yote hayo, ondoa sababu zilizo karibu. Mwaka 1958 William Dement na Edward Wolpert waliwanyunyizia maji baridi watu waliokuwa usingizini, katika kile kipindi ambacho macho hucheza chini ya kope, kisha wakawaamsha. Katika asilimia 42 ya mara hizo maji yaliingia katika ndoto kwa namna fulani. Mmoja aliota paa linavuja. Kama mvua ilipiga bati usiku kucha, au umeamka kibofu kimejaa, maji ya ndotoni yamepata chanzo. Hata hapo hisia haijaelezwa. Mvua ile ile inawaangukia watu wawili wa chumba kimoja, mmoja akaota anakoga mtoni akicheka, mwingine akaota ukuta unabomoka. Mvua imeleta maji, na kila mmoja ameyatia ya moyoni mwake.

Ziwa lililotulia

Ziwa shwari huonekana ni ndoto isiyohitaji maelezo. Watu hupongezana: umeota amani. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na ndoto za namna hii ndizo zinazosomwa vibaya zaidi, kwa kuwa picha yake ni nzuri na mtu huona haya kukiri kwamba haikumfurahisha.

Ikiwa uliamka umepumzika, basi usomaji ni mwepesi. Angalia tu ulikuwa na nani kando ya maji na umbali gani kutoka ukingoni. Aliyeketi na miguu majini na aliyetazama kutoka kilimani wote wameonja utulivu, ila mmoja ameugusa na mwingine bado anautazama.

Ikiwa maji yalikuwa kama kioo nawe ukahisi huzuni isiyo na sababu, jiulize nani hakuwapo. Waliofiwa huota mandhari matulivu ambamo kila kitu kiko mahali pake isipokuwa mtu mmoja. Mtumbwi umefungwa, kasia limelala ndani, na hakuna wa kulishika. Utulivu huo ni wa nyumba baada ya matanga, wageni wakishaondoka. Kumwambia mwotaji huyo kwamba ameota kheri ni kumnyima nafasi ya kulia.

Na ikiwa maji yametulia nawe unaogopa, ndoto hii inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote. Hofu ipo, tishio halijapata umbo. Mara nyingi mwotaji anangojea jambo: majibu ya vipimo, barua ya kazini, simu kutoka kwa kijana aliye safarini. Au yuko kwenye nyumba ambamo hakuna anayegombana kwa sababu hakuna anayesema. Swali la kumuuliza ni hili: ulihofu nini kingetokea kama ungetupa jiwe? Jibu huja haraka, na kwa kawaida halihusu ziwa.

Kuzama

Mfa maji haachi kutapatapa, na ndoto nyingi za kuzama ziko hivyo hivyo: mikono inapiga, sauti haitoki, mtu anaamka anahema. Hisia ikiwa ni kiherehere cha kutafuta pumzi, mahali pa kuanzia ni mwili wenyewe. Anayekoroma sana, anayeshtuka usiku kama aliyekabwa, anayeamka kinywa kikavu na kichwa kinauma, na kusinzia mchana akiwa kazini, huenda njia yake ya hewa inaziba akiwa amelala. Utafiti haukubaliani kama hali hiyo huleta ndoto za kukosa pumzi kwa kila mgonjwa, lakini dalili hizo zinatosha kumpeleka hospitali, aote au asiote. Muulize anayelala naye chumba kimoja, kwa kuwa mwenyewe hajisikii akikoroma.

Mwili ukiwa salama, sikiliza hisia. Anayezama huku amejaa hasira kwa sababu watu wako ukingoni wanapiga soga hajaota kifo. Ameota kutosikika. Anayezama polepole bila kupigana, akiwa na uzito na huzuni, anapaswa kuulizwa kwa upole kuhusu siku zake za karibuni: anakula, anatoka nje, bado anapenda yale aliyokuwa akiyapenda? Ikiwa kukata tamaa kule kunaendelea hata akiwa macho, kusoma ndoto kusimame hapo na msaada wa daktari au mshauri utafutwe mara moja. Wapo pia wanaozama wakagundua kwamba wanaweza kupumua chini ya maji, na hofu ikageuka kuwa mshangao. Hawa mara nyingi wako ndani ya jambo walilodhani litawaua, nao wameanza kujua kwamba wanalimudu.

Ndoto ya kumwona mwingine akizama huwatesa zaidi wazazi. Mama anaota mtoto ameponyoka mkononi mwake majini, na siku nzima hataki mtoto aende hata dukani. Hartmann aliziona ndoto za hatari kwa watoto kama picha nyingine ya hofu ile ile ya kuwa dhaifu, na mara nyingi ukiuliza vizuri unakuta kilichomponyoka mama ni usimamizi wa mambo. Labda ameanza kazi mpya na mtoto anashinda kwa mtu mwingine. Wanaoshika Sunna wana adabu inayofaa hapa: aliyeota ndoto inayomchukiza aombe kinga kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ageuke ubavu, wala asiisimulie. Adabu hiyo inamzuia mtu kuieneza hofu yake mtaa mzima kabla hajapoa.

Liko kundi moja ambalo kanuni za sura hii haziwahusu kwa namna hiyo hiyo. Aliyenusurika katika ajali ya MV Bukoba mwaka 1996, au MV Spice Islander mwaka 2011, akiota anazama, ndoto yake yaweza kuwa ni kumbukumbu. Unaitambua kwa jinsi isivyobadilika: sauti zile zile, mpangilio ule ule, na huishia pale pale miaka nenda miaka rudi. Hapo hakuna fumbo la kufumbua, na kumtafutia maana ni kumwongezea jeraha. Dalili ya kupona ni ndoto kuanza kuchanganyika na mambo mengine: ghafla shangazi yake aliyeko Tanga yuko ndani ya meli, au maji yamekuwa uwanja wa mpira. Ndoto iliyoanza kubadilika imeanza kusogea.

Asubuhi, kabla ya kusimulia

Ukiamka, baki ulivyolala kwa muda kidogo. Andika hisia kwanza, kwa maneno yako mwenyewe, kabla ya kuandika kulikuwa na nini. Agizo hili lina sababu. Picha hudumu kuliko hisia, na ukiisimulia ndoto mara mbili tatu, hisia ya wasikilizaji wako huingia mahali pa yako. Ukisema umeota mafuriko, wataguta, nawe utaanza kukumbuka kwamba uliogopa, hata kama hukuogopa.

Kisha andika maji: yalikuwa wapi, rangi gani, yalikwenda au yalisimama, wewe ulikuwa ndani, kando au juu yake. Halafu weka alama pale hisia ilipogeuka. Mwisho, tafuta katika siku mbili tatu zilizopita ni wapi ulihisi hivyo hivyo ukiwa macho, hata kama kwa dakika moja tu. Ukipapata, umemaliza kazi. Usipopapata, iache. Ndoto isiyofunguka ni afadhali kuliko ndoto iliyolazimishwa, na usomaji sahihi hutambulika kwa kuwa mwotaji mwenyewe anautambua, pengine kwa machozi au kwa kicheko, bila kushawishiwa.

Na ndoto ya maji inayorudi kila wiki na kukunyima usingizi ina tiba isiyohitaji tafsiri yoyote. Daktari Barry Krakow na wenzake waliichapisha mwaka 2001, baada ya kuijaribu kwa wanawake 168 waliokuwa wakisumbuliwa na jinamizi kufuatia ukatili wa kingono, na majinamizi yalipungua kwa waliopewa tiba hiyo. Mchana, ukiwa macho, unachagua ndoto isiyo kali kuliko zote. Unaiandika upya ukiibadilisha upendavyo: maji yanapungua, mlango unafunguka upande wa mlimani, au unaota mkia wa samaki ukaogelea. Kisha unafumba macho na kuitazama ndoto mpya kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, bila kuirudia ile ya zamani. Mwenye kumbukumbu nzito za ajali au ukatili aifanye akiwa na mtaalamu, kwa sababu hata kuiandika ndoto hiyo kunaweza kumrudisha kule alikotoka. Wengine wanaweza kuianza nyumbani wakiwa na daftari na nusu saa ya faragha, na waipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu.